Shimo la 16 lililokula nusu ya mkeka wangu

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka miwili Leicester, nikifanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunza wazee. Kubeti mpira nilikuwa nimekuzoea tangu Mombasa. Gofu nilianza kwa sababu ya mzee mmoja, dereva wa basi, Mkenya mwenzangu, ambaye ujanani alikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji wa gofu, pale Muthaiga, Nairobi. Kila alipopita kwenye duka la kubeti alinikuta nimeinamia mikeka ya mechi kumi na mbili. Siku moja akaniambia, "Kijana, wewe unataka watu kumi na wawili wafanye unachotaka. Mimi nataka mmoja tu, na wala si lazima ashinde."

Hilo la "wala si lazima ashinde" ndilo lililoniingiza. Nilichofanya baada ya hapo kilinigharimu, na sehemu kubwa ya gharama ile haikutoka kwa wachezaji kucheza vibaya. Ilitoka kwa maandishi madogo ambayo sikuyasoma.

Kwanza nieleze dau lenyewe, maana huku Afrika Mashariki wengi wetu hatukulelewa nalo. Katika mashindano ya gofu unachagua mchezaji mmoja kati ya tisini, mia moja, hata mia moja na hamsini, awe bingwa baada ya siku nne. Kumpata ni shida. Kwa hiyo kampuni za Uingereza zinakuuzia dau la pande mbili, ambalo kwenye risiti na kwenye skrini huandikwa `E/W`. Ni madau mawili yaliyofungwa pamoja. Nusu moja inasema mchezaji atashinda. Nusu ya pili inasema atamaliza ndani ya nafasi kadhaa za juu, na nusu hiyo hulipwa sehemu tu ya odi, robo au moja ya tano. Ukiandika paundi 5 `E/W` unatoa paundi 10. Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa hilo. Nilimwambia dada wa kaunta "tano", akaniomba kumi, nikadhani ananiibia.

Mwezi Februari nilifungua akaunti katika kampuni moja ya mtandaoni, nikaweka madau mawili ya mapema kwa ajili ya Masters, mashindano yanayochezwa kila Aprili katika uwanja wa Augusta National, jimbo la Georgia. La kwanza lilikuwa Dustin Johnson kwa odi 12/1, yaani faida ya paundi 12 kwa kila paundi 1 unayoweka, paundi 10 `E/W`, yaani paundi 20. La pili lilikuwa kijana wa Kibelgiji, Thomas Pieters, kwa 80/1, paundi 5 `E/W`, yaani paundi 10. Masharti yalikuwa nafasi nne za juu kwa robo ya odi. Sikuyatazama. Nilitazama 80/1 tu, kama mtu anayenunua samaki kwa ukubwa wa macho yake.

Halafu Johnson akawaka moto. Alishinda Los Angeles Februari, akawa namba moja duniani, akashinda Mexico, akashinda mashindano ya ana kwa ana kule Texas mwishoni mwa Machi. Mara tatu mfululizo. Odi yake ya 12/1 niliyokuwa nayo mfukoni haikupatikana tena popote. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Jumanne ya wiki ya Masters nikaingia duka la kubeti la mtaani, kampuni nyingine kabisa, nikamwongeza Johnson kwa 11/2, paundi 10 `E/W`. Jumatano asubuhi nikamchukua Rory McIlroy kwa 8/1, paundi 5 `E/W`. Duka lile lilikuwa na tangazo kubwa dirishani: nafasi saba badala ya tano, kwa moja ya tano ya odi.

Jumla nilikuwa nimetoa paundi 60. Kwa mshahara wangu wa wakati ule hizo zilikuwa saa nane za kazi, ukitoa kodi hata tisa.

Jumatano usiku ikaja habari kwamba Johnson ameanguka kwenye ngazi za nyumba aliyopanga Augusta na ameumia mgongo. Sikulala vizuri. Alhamisi alipangwa kundi la mwisho, saa nane na dakika tatu mchana kwa saa za kule, kwetu Leicester saa moja jioni. Nilikuwa zamu, nikawa naingia chooni kuangalia simu. Alifika uwanja wa mazoezi, akapiga mipira. Akatembea mpaka shimo la kwanza, akajaribu kuzungusha fimbo mara kadhaa. Kisha akageuka, akarudi alikotoka. Kwenye orodha ya matokeo mbele ya jina lake kukatokea herufi mbili, `WD`, yaani amejitoa.

Nikampigia mzee. Badala ya kunipa pole, akauliza, "Amepiga mpira wa kwanza?"

"Hapana, amegeuka kabla."

"Basi pesa zako zinarudi. Angegusa mpira mara moja tu, zingekuwa zimekwenda."

Mpaka wa dau la gofu uko pale pale, kwenye pigo la kwanza la raundi ya kwanza. Mchezaji akijitoa kabla yake, anahesabiwa kama hakushiriki na dau linafutwa. Akipiga mpira mmoja kisha akashika mgongo, ameshiriki, na dau limepotea hata akicheza shimo moja tu. Mwezi wa pili mwaka huo huo Tiger Woods alicheza raundi ya kwanza Dubai, akapiga mapigo 77, akajitoa kwa maumivu ya mgongo kabla ya raundi ya pili. Waliombetia hawakurudishiwa kitu. Majeraha yote mawili yalikuwa ya mgongo, ila mmoja alikuwa amekwisha kupiga.

Ijumaa nikapita dukani na risiti ya Johnson. Dada wa kaunta akaiingiza kwenye mashine, ikasoma `Void`, akanihesabia paundi 20 zote, nusu ya ushindi na nusu ya nafasi. Nikafungua simu nikitarajia zile 20 nyingine kutoka kampuni ya mtandaoni. Hazikuwepo. Dau lilikuwa limeandikwa limepotea.

Nilikasirika nikawaandikia. Majibu yalikuja kwa adabu, pamoja na nukuu ya kanuni yao wenyewe: madau yaliyowekwa mapema, kabla ya wiki ya mashindano, yanasimama mchezaji acheze asicheze. Ile odi nono ya Februari ilikuwa nono kwa sababu nilikuwa nimekubali kubeba hatari ya ngazi, mafua, ajali na msiba, miezi miwili mizima. Kampuni nyingi humrudishia mtu dau la gofu mchezaji asipoanza, lakini si zote, na hata kampuni moja inaweza kuwa na sharti moja kwa dau la mapema na jingine kwa dau la wiki ya mashindano. Sasa kabla ya kuweka dau la mapema natafuta sentensi moja tu kwenye kanuni zao: mchezaji asipoanza, inakuwaje? Nisipoiona, nasubiri Jumatatu ya wiki yenyewe, hata odi ikiwa imeshuka.

Kuna jambo jingine dogo mzee alinitahadharisha nalo, ingawa halikunigusa. Mchezaji mkubwa akijitoa, kazi ya waliobaki inakuwa rahisi, lakini wewe uliyebeti mapema bado unashikilia odi ya zamani. Baadhi ya kampuni hujiwekea haki ya kukata asilimia fulani ya faida yako kwa sababu hiyo, kwa jedwali lililotoka kwenye mbio za farasi: kadiri aliyejitoa alivyokuwa na odi fupi, ndivyo makato yanavyokuwa makubwa. Kwa odi ya 11/2 kama ya Johnson jedwali lile linakata senti 15 kwa kila paundi ya faida. Si kila kampuni inalitumia kwenye dau la bingwa wa gofu. Ukiona faida yako imepungua na hujui kwa nini, anzia hapo.

Nirudi Augusta. Alhamisi upepo ulikuwa mkali, Charley Hoffman akaongoza kwa 65. Pieters wangu alianza na 72, Ijumaa akapiga 68, Jumamosi akaharibu kwa 75. Nikamsahau. Jumapili, tarehe 9 Aprili, nikawa nyumbani, na usiku ulipoingia nikaona jina lake linapanda. Alimaliza na 68 nyingine, jumla 5 chini ya pari, yaani mapigo matano pungufu ya yanayotarajiwa kwa uwanja ule. Mbele yake nilihesabu watatu tu: Sergio Garcia, Justin Rose na Charl Schwartzel. Pieters wa nne! Nikafanya hesabu kwenye bahasha ya bili ya umeme. Robo ya 80/1 ni 20/1. Paundi 5 mara 20 ni 100, pamoja na paundi 5 zangu, 105.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma kuliko hesabu yenyewe. Nilimwandikia dada yangu Likoni, ambaye alikuwa anahangaika na karo ya mwanawe, nikamwambia, "Dada, kesho nakutumia paundi mia." Akanijibu kwa dua ndefu.

Sikuwa nimemtazama Matt Kuchar. Jumapili hiyo hiyo, kwenye shimo la 16, lile fupi lenye bwawa kushoto, Kuchar alipiga mpira ukatua kijanini, ukateremka taratibu na kuingia shimoni kwa pigo moja. Uwanja ulilipuka. Alitia saini mpira ule akampa mtoto mmoja aliyekuwa kwenye umati. Ni moja ya picha nzuri za mashindano yale, na mimi nilipoiona nilitabasamu kama mjinga. Shimo la 16 pari yake ni mapigo matatu. Angelicheza kwa pari, angemaliza 3 chini. Kwa pigo lile alimaliza 5 chini, sawasawa na Pieters. Mbele ya majina yao wote wawili pakaandikwa `T4`, yaani wa nne kwa pamoja.

Asubuhi kwenye akaunti yangu nilikuta paundi 52 na senti 50.

Safari hii sikuwaandikia kampuni. Nilimsubiri mzee amalize zamu yake, tukakaa kwenye mkahawa wa kituo cha basi, nikamwonyesha simu. Akachukua pakiti nne za sukari akazipanga mezani.

"Hizi ndizo nafasi zako, ulinunua nne. Ya kwanza Garcia, ya pili Rose, ya tatu Schwartzel. Imebaki ngapi?"

"Moja."

"Na wanaoitaka?"

"Wawili."

Akachana ile pakiti ya nne, akamwaga nusu kwenye chai yake na nusu kwenye yangu. "Umelipwa."

Hesabu yake ndiyo hii, na sijawahi kukutana na nyingine rahisi zaidi. Unahesabu nafasi zilizobaki zinazolipwa, unazigawa kwa idadi ya waliofungana, na hilo ndilo fungu la dau lako linalobaki hai. Nafasi moja kwa watu wawili ni nusu. Dau langu la nafasi lilikuwa paundi 5, kwa hiyo paundi 2 na senti 50 zililipwa kwa 20/1 kamili, zikaleta 50, pamoja na zenyewe 52.50. Zile 2.50 nyingine zilihesabiwa zimepotea. Kwenye historia ya akaunti hilo linaonyeshwa kwa maneno `Dead Heat`, nami nilikuwa nimeyaona mara nyingi nikidhani ni habari za farasi.

Kisha mzee akaniuliza kama najua lile duka la mtaani lingenilipa ngapi kwa Pieters huyo huyo. Tukahesabu pamoja. Tuchukulie odi ile ile ya 80/1. Kampuni yenye nafasi tano kwa robo: zimebaki nafasi mbili, ya nne na ya tano, na watu ni wawili, kila mmoja anapata yake, hakuna kugawana, nalipwa 105 kamili. Duka lenye nafasi saba kwa moja ya tano: odi inashuka mpaka 16/1, lakini hakuna kugawana, nalipwa 85. Kampuni yangu yenye nafasi nne kwa robo: 52.50. Mchezaji ni yule yule na mapigo ni yale yale. Tofauti yote ilikuwa kwenye mstari ambao sikuusoma Februari. Kwa nafasi moja ya ziada pigo la Kuchar lingekuwa burudani tu.

Msije mkadhani nafasi nyingi ndiyo dawa. Niliumwa na upande huo pia, siku ile ile. McIlroy alimaliza 3 chini ya pari, sawa na Kevin Chappell, wote wawili nafasi ya saba. Duka langu lililipa nafasi saba, kwa hiyo hapo tena ilibaki nafasi moja kwa watu wawili. Odi yake ya 8/1 ukiichukua moja ya tano unapata 1.6. Nusu ya dau, paundi 2.50, mara 1.6 ni paundi 4, pamoja na zenyewe 6.50. Nilikuwa nimetoa paundi 10. Mchezaji wangu ameingia kwenye nafasi, risiti inasema nimeshinda, na nimepoteza paundi 3 na senti 50. Hata asingefungana na mtu ningepata 13, faida ya paundi 3 kwa siku nne za wasiwasi. Tangu siku hiyo sijaandika `E/W` kwa mchezaji mwenye odi fupi. Chini ya kama 20/1 nusu ya nafasi haina uzito wa kubeba hasara ya nusu ya ushindi, na kufungana kidogo tu kunaimaliza.

Na kufungana katika gofu si bahati mbaya ya nadra. Wachezaji hulundikana kadiri unavyoshuka kwenye orodha. Wa kwanza na wa pili mara nyingi wametengana, lakini ukifika ya saba au ya nane ni kawaida kukuta watu watano au sita na mapigo sawa. Chukua tangazo la nafasi nane, na watu sita wamefungana nafasi ya saba. Zimebaki nafasi mbili kwa watu sita, theluthi moja ya dau. Ile nafasi ya nane iliyoandikwa kwa herufi kubwa dirishani mara nyingi hulipwa vipande vipande. Siikatai, naipenda, ila siihesabu kama nafasi nzima.

Mahali pekee ambapo kufungana hakukuniuma ni kileleni. Garcia na Rose walimaliza wote 9 chini, wakarudi shimo la 18 kuamua bingwa, Garcia akashinda. Waliombetia Garcia walilipwa ushindi mzima, na Rose akahesabiwa wa pili peke yake. Lakini dau la nani ataongoza baada ya raundi ya kwanza halina mchezo wa kuamua, na huko wakifungana watatu hata dau la ushindi linagawanywa kwa tatu. Hilo nalo nilijifunza kwa pesa zangu, ila ni habari ya siku nyingine.

Jumla ya Masters ile: nilitoa 60, zikarudi 79. Mtu akiniuliza nasema nilipata faida ya paundi 19, na ni kweli. Lakini usiku wa Jumapili kichwani mwangu nilikuwa na 138, na tayari mia moja zilikuwa Likoni. Nilimtumia dada mia ile ile kutoka kwenye mshahara, nikala wali na maharage mpaka mwisho wa mwezi. Nilianza pia kuweka daftari. Lilinionyesha kwamba mwaka 2017 wote, pamoja na Pieters, nilipoteza paundi 212. Kabla ya daftari ningekuapia kwamba niko sawa kwa sawa. Siku hizi gofu inapata paundi 10 kwa mwezi, na mwezi zikiisha tarehe tatu, basi zimeisha tarehe tatu.

Dukani sasa wananijua. Naingia Jumanne, na kabla sijataja jina la mchezaji nauliza nafasi ngapi na kwa sehemu gani ya odi, kisha naandika majibu nyuma ya risiti kwa kalamu. Dada wa kaunta huwa anacheka. Mzee alistaafu akarudi Kenya, na kila mwaka wakati wa Kenya Open hunitumia picha akiwa nyuma ya kamba. Sijawahi kumuuliza amembetia nani. Yeye ndiye anayeniuliza, na swali lake ni moja tu: "Umenunua nafasi ngapi, kijana?"